Kukata Kingo za Picha ya Skrini

Picha ya skrini hunasa kila kilichoko kwenye kioo cha simu, hata kile ambacho mpigaji hakukikusudia. Juu kuna ukanda wenye saa, kiwango cha betri na alama za arifa. Chini, kwenye simu nyingi za Android, kuna vitufe vitatu: cha kurudi nyuma, cha mwanzo na cha programu zilizofunguliwa. Vitufe hivyo havina siri, hukatwa kwa ajili ya usafi tu. Ukanda wa juu ndio mdakuzi: alama ndogo ya programu ya mikopo kando ya saa yatosha kumwambia mpokeaji jambo lisilomhusu.

Chukua mteja anayemtumia mwenye duka picha ya ujumbe wa M-Pesa kuonyesha kwamba amelipa. Skrini yake ina pikseli 1080 kwa 2400. Ukanda wa juu umechukua 63 na vitufe 126. Baada ya kupiga picha hugusa kalamu ya kuhariri, huchagua kukata, kisha huburuta ukingo wa juu hadi chini kidogo ya saa na ukingo wa chini hadi juu ya vitufe. Hubaki pikseli 2211 za urefu. Umbo la kukata liwe huru. Likifungwa kwenye uwiano maalumu, kila anapovuta juu, pembeni nako hupungua na maneno hukatika. Kabla ya kutuma, picha ikuzwe: mara nyingi nusu ya tarakimu za saa huwa imebaki ukingoni. Salio, ambalo limo ndani ya ujumbe wenyewe, halijaguswa. Hilo hufunikwa kwa rangi nzito isiyopenya.

Kukata kwenyewe kunaweza kudanganya. Kwenye aifoni, picha iliyokatwa katika Photos hurudishwa nzima kwa kugusa Revert, kwa sababu simu imehifadhi ya awali. Ikitumwa kwa AirDrop huku All Photos Data imewashwa, ya awali husafiri nayo.

Kasoro kubwa zaidi ilifichuliwa Machi 2023 na Simon Aarons na David Buchanan, ikaitwa aCropalypse. Kihariri cha simu za Google Pixel kilikuwa kikiandika picha fupi juu ya faili refu la awali bila kulipunguza urefu. Mkia wa faili la zamani ulibaki nyuma ya picha mpya, na sehemu ya kilichokatwa iliweza kufufuliwa. Dalili yake ni faili lisilopungua ukubwa hata picha ikikatwa nusu. Huduma zinazobana picha upya wakati wa kuipokea ziliuondoa mkia huo bila kujua. Zilizopitisha faili kama lilivyo ziliubeba. Google ilitoa rekebisho mwezi huohuo, lakini rekebisho hilo halikugusa picha zilizokwisha kutumwa.