Gari la Hesabu au Gari la Kadi Yako?

Saa moja asubuhi, Kariakoo. Toyota TownAce nyeupe imeegeshwa, mlango wa nyuma uko wazi, na kijana anapakia vifurushi. Vya Tegeta vinaingia kwanza, ndani kabisa, kwa kuwa vitashuka mwisho. Vya Magomeni vinabaki karibu na mlango. Simu inaita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hesabu ya jana sijaiona."

"Mzee wangu, wenye duka wameahidi kulipa Ijumaa."

"Mimi nakudai wewe, siwadai wenye duka."

Kijana hajazembea. Kazi imefanyika na mzigo umefika, ila fedha yake bado imelala kwa mteja. Ndiyo maana swali la kukodi au kununua gari halimalizwi kwa kuuliza ipi ni rahisi. Unatakiwa pia kujua fedha inaingia siku gani na inatakiwa kutoka siku gani.

Anayeanza kusambaza vifurushi Dar es Salaam ana njia tatu. Ya kwanza ni kukodi gari la mtu kwa hesabu ya siku: gari lisipofanya kazi unalirudisha, na likifa injini, kwa kawaida ni mzigo wa mwenyewe. Ya pili ni karadha. Kampuni au benki inanunua gari, wewe unatanguliza sehemu ya bei na kulipa kila mwezi, na ukimaliza linakuwa lako. Tanzania imekuwa na sheria ya karadha tangu 2008, na vijana wa bodaboda wanaujua mtindo unaofanana nao kwa jina la "mkataba". Ya tatu ni kununua kwa fedha yako mwenyewe.

Tufanye hesabu ya mfano; wewe utaweka bei za mtaani kwako. Gari lililotumika, likiwa tayari barabarani, tuseme ni shilingi milioni 20. Linabeba vifurushi 30 kwa siku kwa 5,000 kila kimoja, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 3.9. Ondoa mafuta, mishahara ya dereva na msaidizi, vocha na maegesho, jumla 2,050,000. Inabaki 1,850,000 ya kulihudumia gari lenyewe na kukupa faida.

Ukikodi kwa hesabu ya 50,000, mwezi unakula 1,300,000 na unabaki na 550,000. Ukichukua karadha kwa kutanguliza milioni 6, deni la milioni 14 kwa miezi 24, riba asilimia 20 kwa mwaka kwenye deni linalobaki, rejesho ni kama 712,000 kwa mwezi. Ongeza 425,000 za bima, servisi, matairi na akiba ya matengenezo. Unabaki na 713,000. Ukinunua taslimu, huna rejesho, na mfukoni inabaki 1,425,000.

Hapo wengi huacha kupiga hesabu na kwenda kuvunja kibubu. Subiri kidogo. Tuseme nusu ya wateja wako ni maduka yanayolipa baada ya siku 45. Kila mwezi unawakopesha karibu milioni 1.95, na kabla malipo ya kwanza hayajaingia, deni lao limefika karibu milioni 2.9. Wakati huohuo kituo cha mafuta hakikopeshi, na dereva anataka mshahara mwisho wa mwezi. Mtu aliyekuwa na milioni 22 akanunua gari la milioni 20 amebakiwa na milioni 2. Gari ni lake na kadi ina jina lake, lakini wiki kadhaa baadaye linaegeshwa nyumbani kwa kukosa mafuta. Hilo ndilo kosa ninalolionea uchungu zaidi, kwa sababu anayelifanya mara nyingi ndiye mchapakazi na mwenye nidhamu ya kuweka akiba.

Sasa chukua Januari. Wazazi wanalipa ada, maduka yanauza kidogo, na kazi yako inashuka hadi nusu. Baada ya mafuta, ambayo nayo yamepungua nusu, mishahara na gharama ndogo, inabaki 485,000 tu. Aliyenunua taslimu anatoa 425,000 zake na kupona kwa tabu. Aliyekodi analipa hesabu ya siku 13, yaani 650,000, na anapungukiwa na 165,000. Wa karadha anatakiwa kutoa 1,137,000 ileile na anapungukiwa na 652,000. Masika yakifunga barabara ya Jangwani, hesabu inajirudia. Kwa hiyo usisaini karadha kama huna pembeni fedha ya marejesho ya miezi mitatu.

Hata hivyo, kwenye miaka miwili mizima, anayekodi ndiye anayeumia. Atakuwa ametoa milioni 31.2 na hana hata tairi. Wa karadha ametoa milioni 33.3, na gari analoweza kuliuza, tuseme, kwa milioni 13. Gharama yake halisi ni milioni 20.3. Wa taslimu ni milioni 17.2. Gawanya kwa miezi 24, kisha kwa hesabu ya 50,000, utapata namba muhimu kuliko zote: gari la kununua linashinda la kukodi likifanya kazi zaidi ya siku 14 kwa mwezi, na la karadha likizidi siku 17. Chini ya hapo, kodi.

Kwenye karadha, uliza swali moja kabla ya mengine: riba inapigwa kwenye deni linalobaki, au kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho? Asilimia 20 ileile ikipigwa kwa njia ya pili, rejesho linapanda hadi karibu 817,000, na kwa miezi 24 umeongeza kama milioni 2.5. Maneno kwenye tangazo ni yaleyale, kwa hiyo omba jedwali la marejesho na ujumlishe mwenyewe.

Swali la pili ni umiliki. Wakati unalipa, gari si lako: huwezi kuliuza, na bima ikilipa gari lililoungua, anayekudai huchukua chake kwanza. Hakikisha bima inataja matumizi ya biashara, na ujue kuwa bima kubwa ya gari hailipi vifurushi vya wateja vilivyoharibika ndani yake. Hivyo vinahitaji bima yao.

Kwa mkataba wa mtaani, linganisha namba ya chasisi na kadi kwa macho yako, na uangalie kama gari lina faini za trafiki, maana huandikwa kwa namba ya gari na utazirithi. Kisha matengenezo. Sentensi ya "madogo kwako, makubwa kwa mwenye gari" huzaa ugomvi siku klachi inapokatika. Klachi ni ndogo au kubwa? Andikeni majina: klachi, giaboksi, injini, shokamzoba, na nani analipa kila kimoja. Andikeni pia kama hesabu inahesabiwa siku gari lipo gereji, na kadi itabadilishwa jina ndani ya siku ngapi baada ya malipo ya mwisho.

Ningekuwa naanza leo, ningekodi miezi mitatu, na kila jioni ningeandika kwenye daftari mambo mawili: gari limefanya kazi au halikufanya, na nani amelipa siku gani. Daftari likionyesha siku 20 kwa mwezi na akiba ya marejesho matatu ipo, ningekwenda kwenye karadha. Taslimu ningeitumia tu kama baada ya kununua ningebaki na fedha ya kuendesha gari kwa siku 60 bila mteja yeyote kulipa. Ndugu msomaji, kabla hujaenda kwa dalali wa magari, nunua hilo daftari.