Kuondoa Miwani Kwenye Picha ya Uso

Fremu ya miwani hufutika haraka kwenye picha. Kinachochukua muda ni alama zake: kivuli shavuni, mng'ao kwenye vioo, na nyusi zilizofichwa.

Chukua picha ya mzee aliyevaa fremu nene nyeusi iliyofunika ukingo wa chini wa nyusi, mwanga ukitoka dirishani kushoto kwake. Katika Photoshop, hatua ya kwanza ni kufungua safu mpya tupu juu ya picha na kufanyia kazi yote humo, ili picha ya asili isiguswe. Chaguo la Sample huwekwa Current & Below.

Wengi hukimbilia Healing Brush, na hapo ndipo ngozi inapochafuka. Brashi hiyo hunakili ngozi ya mahali pengine, kisha huilinganisha na rangi ya pale inapopakwa. Ikigusa ukingo wa fremu nyeusi, huvuta weusi ule na kuacha doa kama la masizi. Kwa hiyo fremu hufunikwa kwanza kwa Clone Stamp, ambayo hunakili bila kuchanganya. Ngozi huchukuliwa karibu, chini kidogo ya fremu, kwa sababu vinyweleo vya shavu havifanani na vya paji la uso. Fremu ikishatoweka kabisa, Healing Brush inaweza kulainisha maungio.

Nyusi zinadai subira zaidi. Brashi ipunguzwe iwe nyembamba, na nywele zinakiliwe chache chache kufuata mwelekeo wake: karibu na pua husimama, kuelekea kwenye panja hulala. Unyusi mmoja ukigeuzwa na kuwekwa upande wa pili bila marekebisho, uso huonekana wa bandia, maana nyusi za mtu hazilingani kamwe.

Jicho lenyewe liguswe kidogo iwezekanavyo. Mng'ao wa kioo ukiwa umeziba sehemu ya jicho, sehemu hiyo inaweza kuazimwa kutoka jicho la pili na kugeuzwa, lakini nukta ya mwanga mboni­ni lazima irudishwe upande wa dirisha. Mng'ao ukilifunika jicho lote, hakuna cha kuokoa isipokuwa kuwe na picha nyingine ya mtu huyo, iliyopigwa kwa mwanga na mkao uleule.

Lenzi za wasioona mbali huleta kasoro nyingine: ukingo wa shavu unaoonekana kupitia kioo huingia ndani, kama umechongwa. Ukingo huo huunganishwa upya kwa kufuata mstari wa uso uliopo juu na chini ya kioo.

Kwa picha ya pasipoti, ufundi huu haufai. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku miwani kwenye picha hizo tangu Novemba 2016, na haikubali picha iliyohaririwa kwa kompyuta. Mwombaji avue miwani kabla ya kupigwa picha.