Zawadi kwa anayeleta mteja: namna ya kupata wanaorudi, si wanaopita tu

Tuseme uko na depo ndogo ya gazi ya kupikia hapa Butembo. Familia moja inarudisha shupa yake ya kilo 6 karibu kila mwezi, na kwa kila shupa unayojaza unabaki na dola 2 za faida. Unataka wateja waongezeke. Unasema: kila atakayeleta mtu mpya nitamupa dola 3 mkononi, na yule mupya nitamupunguzia dola 3 kwa shupa ya kwanza. Unaandika kwenye kibao mbele ya mlango. Siku mbili tu, watu wamejaa.

Kisha mwezi wa pili unafika, na wengi hauwaoni tena. Wapi wamekwenda? Wamerudi kwenye makala, ao wamefuata depo ingine yenye promosioni yake.

Tufanye hesabu pamoja. Hizi ni namba za mfano, weye utaweka zako. Tuseme watu 30 walikuja. Kila mmoja alikutosha dola 6: tatu za aliyemuleta, tatu alizopunguziwa. Hiyo ni dola 180. Kati yao 24 walijaza mara moja tu, wakakuachia dola 48 za faida. Sita walibaki mwaka mzima, wakajaza mara 12 kila mmoja, faida dola 144. Jumla dola 192. Ukitoa ile 180, umebaki na dola 12 kwa mwaka mzima, na hapo haujahesabu jasho la kijana wa depo.

Kosa haliko katika kutoa zawadi. Hapa kwetu matabishi ni desturi ya zamani: ukinunua maharage kwa mama wa soko, anaongeza kiganja kimoja juu. Lakini angalia vizuri, mama yule anaongeza kwa mtu ambaye amekwisha kununua, na anaongeza maharage, hatoi franka. Mambo mawili hayo ndiyo yanakosekana kwenye kibao chetu.

Tuanze na siku ya kutoa. Zawadi ikitoka siku ya kwanza, unalipia kuja. Weye unatafuta mtu wa kurudi, basi lipia kurudi. Kwa depo ya gazi, weka zawadi kwenye shupa ya tatu. Kwa nini ya tatu? Sababu shupa tatu zimekuletea dola 6 za faida, na zawadi za watu wawili ni dola 6. Hata kama mtu ataondoka kesho yake, haujaingia hasara. Tena mtu aliyejaza mara tatu amekwisha kuzoea: anajua njia ya depo, kijana wako anamujua, na masufuria yake hayana tena moshi wa makala. Anayetafuta bei ya chini tu hatangoja miezi tatu. Atakwenda pengine mwenyewe, bila kufukuzwa.

Kwa kazi ingine hesabu itabadilika. Mwenye mashini ya kusaga, ambaye mteja wake anarudi kila juma na faida ni kidogo kila safari, atangoja labda safari ya nane ao ya kumi. Kanuni ni moja: zawadi isitoke mbele faida ya yule mtu haijaifunika.

Sasa aina ya zawadi. Dola inamupendeza kila mtu, hata yule asiyekuwa na jiko la gazi nyumbani. Ndiyo maana utaona vijana wanasimama barabarani na kuvuta wapita njia: wanatafuta dola, gazi haiwahusu. Ukitoa zawadi kwa kupunguza bei ya shupa inayofuata, anayeitaka ni mtu anayepika na gazi yako tu. Kampuni ya Dropbox, inayotunza mafaili ya watu kwenye intaneti, ilifanya hivyo tangu miaka yake ya mwanzo: aliyeleta rafiki na rafiki yake, wote wawili walipewa nafasi zaidi ya kuweka mafaili. Mtu asiyetumia huduma yenyewe, nafasi hiyo haimufalii kitu.

Kuna pia jambo la haya. Jirani akisikia kwamba ulipokea dola ili umulete, atasema: «Kumbe uliniuzisha!» Lakini kama yeye pia anapata kitu kile kile, siku ile ile, hakuna wa kumuficha mwenzake. Kwa hiyo pande mbili zipate sawasawa: dola 3 kwenye shupa inayofuata, kwa huyu na kwa huyu. Na hapa nitasema jambo ambalo mkubwa wa matangazo ya redio hatapenda: usiitangaze hewani, wala usiandike kwenye kibao. Mwambie mteja wa zamani pale pale, wakati anapokuja kujaza: «Mama, kama uko na jirani anatafuta gazi, umulete. Akifikisha shupa tatu, nyinyi wote wawili mutapunguziwa.» Yeye anajua nani kwenye avenyu yake anapika kila siku na nani analipa vizuri. Kibao hakijui.

Turudi kwenye hesabu. Kwa namna hii watakuja wachache, tuseme 12. Watatu wanajaza mara moja na kupotea: faida dola 6, zawadi hakuna. Tisa wanabaki mwaka: faida dola 216. Zawadi zao ni dola 54. Umebaki na dola 168. Kelele mlangoni ni kidogo, lakini kasa inaongea.

Kuna ujanja ambao utauona. Baba wa nyumba ni mteja wako, analeta bibi yake kama mteja mupya, shupa ni ile ile moja. Ao kijana wa depo anajiandika yeye mwenyewe kwamba ndiye aliyeleta kila mtu anayeingia. Kaye moja ya kawaida inatosha kuyazuia: jina la mupya, namba ya simu, mtaa, nani alimuleta, na tarehe ya shupa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jina la aliyemuleta liandikwe siku ya kwanza mbele ya mupya mwenyewe, lisiongezwe kisha. Nyumba moja ni mteja mmoja. Na anayeruhusiwa kuleta ni yule ambaye mwenyewe amekwisha kujaza mara tatu.

Kila mwisho wa mwezi fungua kaye ile. Ukikuta mtu ameleta nane na hakuna hata mmoja mwenye tarehe ya pili, huyo anawinda. Ukikuta mama aliyeleta wawili na wote wanarudi, huyo muangalie vizuri, hata umupelekee shupa yake nyumbani bila malipo. Lakini ukiona hata wale walioletwa na wateja wazuri hawafiki shupa ya pili, acha zawadi kwanza na upime shupa zako kwenye mizani. Labda kilo hazitimii, na watu wamejua.

Mpango huu haufai kwa kila biashara. Muuza mabati ao vitanda hatangoja mteja arudi mara tatu. Kwake anayeleta mtu ashukuriwe kisha malipo kuisha, basi.

Na siku utakapotaka kusimamisha mpango, wale ambao majina yao yamekwisha kuandikwa, uwalipe mpaka wa mwisho, hata kama bei ya gazi imepanda mpakani.