Gauni Moja, Wateja Wawili: Katalogi ya WhatsApp Haijui Una Nguo Ngapi

Wanaouza nguo za mtumba hapa chuoni karibu wote wana WhatsApp Business kwenye simu, na wengi wao wanaitumia kama albamu ya picha tu. Wanapiga picha, wanaweka bei, wanasambaza kiungo kwenye magrupu, halafu wanasubiri. Oda zikianza kumiminika ndipo lawama zinaanza: huyu kalipa hajapata, yule kaletewa shati la mwenzake.

Mimi kila likizo nauza na dada yangu kwenye kibanda chake mjini Tarime. Wateja wetu wengi hawafiki kibandani. Wako Sirari, wako Nyamongo, na wengine wako Mugumu, wilaya ya Serengeti, kama kilomita 87 kwa barabara ya kupitia Nyamwaga. Mteja wa umbali huo ukimkosea haji kugomba na wewe. Ananyamaza, hanunui tena, na shoga zake wote wanaambiwa.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: katalogi haihesabu mzigo. Unaweza kuweka bidhaa mpaka 500, kila moja na picha, bei na maelezo, lakini hakuna mahali inapoandikwa kwamba zimebaki tatu au imebaki moja. Mteja akijaza kikapu na kukutumia, kinachokuja kwako ni meseji tu ndani ya chati. Nguo haipungui, haifungwi, na mteja wa pili anaweza kuiagiza dakika hiyohiyo. Kwa muuza sare za shule si tatizo, maana ana shati lilelile mara hamsini. Sisi wa mtumba tukifungua belo, kila gauni liko peke yake duniani.

Kwa hiyo kila nguo yetu ina namba. Tunaandika T41, kwa mfano, kwenye kipande cha karatasi kinachobanwa na pini kwenye lebo ya shingoni, na namba hiyohiyo tunaijaza kwenye katalogi sehemu ya `Item code`. Kwenye maelezo hatuandiki M wala L, maana M ya Ulaya na M ya Uchina ni watu wawili tofauti. Tunapima kwa futi kamba: kifua inchi 38, urefu inchi 44. Ukishapandisha picha usikimbilie kuitangaza, kwani bidhaa mpya hukaguliwa kwanza na WhatsApp kabla wateja hawajaiona.

Chukua Jumamosi moja ya likizo iliyopita. Saa nne asubuhi kikaja kikapu kutoka Mugumu: gauni T41 la shilingi 18,000 na mashati mawili, T12 na T15, ya 9,000 kila moja. Jumla 36,000. Kabla ya kumjibu hata salamu, nilifungua katalogi nikaingia kwenye kila nguo kati ya hizo tatu na kuwasha `Hide item`. Hapo nguo haionekani tena kwa wengine, ila haijafutwa. Oda ikivunjika unairudisha bila kupiga picha upya. Halafu nikazitoa zile nguo kwenye henga, nikazitia kwenye mfuko mmoja wenye namba ya simu ya mteja. Hatua hii ya mfuko watu wanaidharau, kumbe katalogi inaweza kuficha gauni huku mtu aliyesimama kibandani analijaribu.

Kisha lebo. Kwenye WhatsApp Business zipo lebo zilizotengenezwa tayari: `New order`, `Pending payment`, `Paid`, `Order complete`, na unaweza kuongeza za kwako. Wengi wanabandika lebo kwenye chati nzima. Mimi naishika meseji ya kikapu yenyewe kwa kidole mpaka ichaguliwe, ndipo naibandikia. Sababu ni kwamba mteja mzuri ana oda mbili kwa wiki. Ukibandika chati `Paid` kwa oda ya Jumatatu, ya Alhamisi inajificha humohumo. Na kikapu kimoja kiwe na lebo moja tu. Kikihama kutoka `New order` kwenda `Pending payment`, ile ya kwanza iondoe.

Baada ya hapo ndiyo nikamjibu dada wa Mugumu. Jibu lenyewe limehifadhiwa kwenye `Quick replies`. Naandika `/lipa` linajitokeza, nabadilisha namba na kiasi:

```
Habari dada, oda yako T41, T12, T15 tumeipokea.
Jumla 36,000 na ya kutolea. Tunakutunzia
mpaka saa kumi jioni leo.
```

Ule muda ndio moyo wa biashara. Oda isiyo na saa ya mwisho inakufungia mali bure.

Saa nne na dakika ishirini, dada mwingine wa Nyamongo akajibu picha ya gauni lilelile. Alilionea kwenye stetasi, na stetasi inakaa saa 24 hata kama katalogi umeshaificha nguo. Hapa wauzaji wengi hujibu "limeisha" na mteja anapotea. Tuna lebo yetu tuliyoitengeneza, `Anasubiri`. Nilimwambia limeshikwa mpaka saa kumi, likiachwa ni lake, kisha meseji yake nikaibandika lebo hiyo.

Saa tisa na nusu nilifungua `Pending payment`. Kikapu cha Mugumu bado kilikuwa humo, na meseji yangu ya kukumbusha ilikuwa na tiki moja, maana yake haijamfikia. Tiki moja haithibitishi kwamba mteja kakukimbia. Mara nyingi kazima data au mtandao umekata. Nilimpigia simu ya kawaida. Akasema mashati anayataka, ila gauni amepima, kifua hakimtoshi. Akatuma 18,000 na ya kutolea. Gauni likaenda kwa dada wa Nyamongo kwa bei ileile, na kikapu cha Mugumu kikahamia `Paid`.

Lakini lebo ya `Paid` haibandikwi kwa kuoneshwa skrinishoti. Meseji za muamala za kughushi zipo nyingi, na zina herufi kubwa zilezile. Tunaangalia salio kwenye simu yetu, tunalinganisha jina na kiasi, ndipo mfuko unafungwa.

Kusafirisha ni stori nyingine, ila kwa ufupi: mzigo ukipandishwa kwenye gari stendi, nampigia picha mfuko ukiwa na namba ya gari inayoonekana, namtumia mteja pamoja na simu ya kondakta na saa ya kuondoka. Hapo bado siandiki `Order complete`. Naiandika mteja akishasema nguo ameishika. Kesho yake asubuhi nafungua `Paid`, na yeyote aliyebaki humo naanza naye kabla sijafungua hata belo jipya: ama mzigo haujatoka kibandani, ama umelala stendi ya Mugumu na hakuna aliyeufuata. Dada yangu ana daftari pia, la karatasi, lenye namba ya nguo, simu ya mteja na namba ya gari. Nilimcheka kidogo mwanzoni. Ila simu ikizima saa saba mchana na umeme hakuna, daftari hilo ndilo linalojua mfuko upi ni wa nani.