Kabla ya kuchagua kisiwa, tazama mwezi

WAKAZI wengi wa mijini wanaopanga likizo ya kwenda kutazama matumbawe kwa miwani na bomba la kupumulia huchagua kwanza kisiwa, kisha tarehe. Kwa mtu anayeanza, mpango huo umepinduka. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kisiwa kile kile huweza kuwa salama wiki hii na kuwa hatari wiki ijayo, na kinacholeta tofauti hiyo ni mwezi.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hushuka hadi mita moja au zaidi kidogo. Kwa kuwa muda wa kujaa au kupwa ni ule ule wa takriban saa sita, wakati wa bamvua maji mengi zaidi hulazimika kupita kwa haraka. Huo ndio mkondo.

Saa sita hizo hazilingani. Karibu nusu ya maji yote hupita katika saa ya tatu na ya nne, na kinyume chake bahari hutulia kwa muda mfupi inapofikia kilele cha kujaa au kupwa.

Mfano wa Unguja

Chukua familia inayotoka Dar es Salaam na kupangiwa boti ya saa tatu asubuhi huko Unguja. Ikifika siku ya mwezi mpevu, maji yatakuwa yamejaa karibu saa kumi alfajiri na yatakuwa chini kabisa karibu saa nne asubuhi. Itakuta mwamba umebakiwa na maji ya magotini, ambapo muogeleaji hujikwaruza na kuvunja matumbawe. Ikisubiri hadi mchana, itaingia baharini wakati maji yanajaa kwa kasi.

Familia hiyo ikiahirisha safari kwa wiki moja, maji yatajaa karibu saa nne asubuhi, tena bila mkondo mkali. Kwa wanaofuata mwezi mwandamo, siku zinazofaa ni kama za 8 hadi 10 na 22 hadi 24.

Mpango huo hunufaisha macho pia. Maji yanayojaa huleta maji safi ya bahari kuu. Yanayopwa hurudi na tope na mchanga kutoka mikokoni na ufukweni. Kwa hiyo uwazi wa maji, yaani umbali ambao jicho linaona chini ya bahari, huwa mzuri zaidi katika saa ya mwisho ya kujaa. Mvua za masika, hasa Aprili na Mei, huupunguza kwa kuleta maji ya mito, na upepo wa kusi kati ya Juni na Septemba huchafua bahari iliyo wazi.

Visiwa vipi?

Kwa anayeanza, Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, kinastahili kutajwa kwanza. Mwamba wake uko karibu na ufukwe wa magharibi, hivyo kisiwa chenyewe huukinga kwa kiasi na kusi, na uvuvi umepigwa marufuku hapo tangu 1994. Nafasi ni chache na huagizwa mapema. Kisite, kusini mwa Kenya, hufikiwa kwa boti kutoka Shimoni. Ni hifadhi yenye maji ya kina kifupi, na boti hubaki karibu na waogeleaji.

Mnemba, kaskazini-mashariki mwa Unguja, ina samaki wengi, lakini mwamba wake huteremka ghafla na mkondo hupita pembeni. Huko Mafia, maji ya ghuba ya Chole huingia na kutoka kwa milango myembamba, na wakati wa bamvua huenda kwa nguvu kubwa. Anayeanza aende sehemu hizo mbili katika maji mafu tu, akiwa na kiongozi.

Dalili za mkondo huonekana kabla ya kuruka: kamba ya boya imelala, au maji yanakimbia kando ya boti iliyotia nanga. Ukiwa majini, acha kupiga miguu kwa nusu dakika huku ukitazama tumbawe moja. Likikuacha, mkondo upo. Anza kwa kuelekea unakotoka, ili ukurudishe botini ukichoka. Ukishachukuliwa, usishindane nao: mkondo wa kilomita mbili kwa saa humshinda muogeleaji wa kawaida. Elea, inua mkono, na uiache boti ikufuate.