Nafasi ya Vidole Ndani ya Kreti

Kreti imejaa pini za chuma zilizotoka kukerezwa. Kila pini ni ya duara, ina urefu wa milimita 80 na unene wa milimita 20. Zimemwagwa humo ovyo: nyingine zimelala, nyingine zimeegemea ukuta wa kreti, nyingine zimebebana. Juu yake imening'inizwa kamera, na kando umesimama mkono wa roboti wenye vidole viwili bapa vya kubania. Kazi yake ni kutoa pini moja baada ya nyingine na kuilisha mashine inayofuata.

Mtu huifanya kazi hii huku akipiga soga, kwa sababu vidole vyake vinahisi. Vikikosa upenyo hapa vinasogea pale, mwenyewe hana habari. Mkono wa kawaida wa roboti ya kiwandani hauhisi kitu mpaka uwe umeshagonga. Karibu yote unayoyajua kuhusu rundo lile umeyapata kwenye picha moja iliyopigwa kabla haujasogea.

Tatizo hili lina umri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Katsushi Ikeuchi, Berthold Horn na wenzao wa chuo cha MIT, Marekani, waliiwezesha roboti kuokota pete nene kutoka kwenye rundo. Walitumia kamera ya kawaida na kubadilisha upande wa taa, kisha wakakadiria kutokana na mwanga na giza kila sehemu ya pete imeinamia wapi. Siku hizi kamera ya kina imepunguza sana usumbufu huo. Aina inayotumika sana kwa kazi hii ina projekta inayomulika mistari ya mwanga juu ya vitu, na jicho lililo kando kidogo ya projekta huangalia mistari hiyo inavyopinda. Hesabu ya pembetatu inafanya yaliyobaki. Badala ya rangi, kila nukta ya picha inabeba namba moja: umbali kutoka kwenye kamera hadi kwenye kitu kilicho chini yake.

Tuseme kamera yetu iko milimita 1,000 juu ya sakafu ya kreti. Pini iliyo juu kabisa inasomeka 920. Anayeianza kazi hii kwa mara ya kwanza huwa anafanya jambo moja: anaiambia programu itafute namba ndogo kuliko zote, yaani mahali palipoinuka zaidi, na kuupeleka mkono hapo. Mara kadhaa inafanya kazi, naye anafurahi. Kisha mkono unashuka na kidole kimoja kinaikanyaga pini ya jirani, mota inalalamika, mtambo unazima.

Kosa ni kutafuta kitu cha kushika pekee. Vidole viwili vinahitaji pia mashimo mawili, moja kila upande wa pini, yenye kina cha kutosha kuvipokea. Rundo lina vitu vingi vya kushika. Kilicho adimu ni mashimo.

Njia iliyo wazi kuliko zote ninazozijua ya kuyatafuta ilichapishwa mwaka 2014 na Yukiyasu Domae wa Mitsubishi Electric ya Japani pamoja na wenzake. Haihitaji kuijua sura kamili ya kipuri. Picha ya kina inakatwa katika viwango viwili. Kwanza programu inauliza: ni nukta zipi zilizo juu ya kiwango ambacho vidole vinapaswa kugusa? Hizo ndizo mwili wa kushikwa. Pili inauliza: ni nukta zipi zilizo juu ya kiwango ambacho ncha za vidole zitafika zikishuka kabisa? Hizo ni hatari. Kisha unachorwa mchoro mdogo wa kishikio kama kinavyoonekana kutoka juu: miraba miwili ya vidole, na eneo la katikati yake. Mchoro huo unatelezeshwa juu ya picha nzima, nukta kwa nukta. Panapofaa ni pale ambapo katikati kuna mwili na ndani ya miraba ya vidole hakuna hatari hata nukta moja. Mchoro unazungushwa kidogo na zoezi linarudiwa. Kwa vidole viwili vinavyofanana nusu duara inatosha, kwa hiyo tukigawa nyuzi 180 mara 16, kila hatua ni nyuzi 11 na robo. Mwishoni matokeo yanalainishwa, ili mahali palipozungukwa na nafasi nyingine nzuri papate alama kubwa kuliko penyenye nafasi ya kubahatisha.

Turudi kwenye pini yetu inayosomeka 920. Imelala, na unene wake ni 20, kwa hiyo mstari wake mpana kuliko yote uko kwenye 930. Vidole vikiishia juu ya mstari huo vitakuwa vinaubana mgongo wa duara, na mgongo huo unateremka. Hapa msuguano ndio unaoamua. Chuma chenye mafuta kikibanwa na chuma, tuseme kigezo cha msuguano ni 0.2, kinavumilia mteremko wa nyuzi 11 hivi tu. Kwenye pini hii nyuzi 11 zinafikiwa ncha za vidole zikiishia milimita 2 tu juu ya mstari mpana. Ukipita hapo, kadiri vidole vinavyobana ndivyo pini inavyosukumwa chini, kama mbegu ya embe inavyochopoka mkononi. Vidole vikivishwa mpira na kigezo kikipanda hadi 0.5, uvumilivu unafika nyuzi 26 na kidogo, yaani milimita 4 na nusu hivi. Mhandisi mwenye busara hashindani na hesabu hii. Anaziagiza ncha zishuke mpaka 934, na anaongeza milimita 3 za usalama: nukta zote ndani ya miraba ya vidole lazima zisomeke zaidi ya 937.

Sasa pembeni. Kila kidole kina unene wa milimita 6, na tumekifungua kishikio milimita 32. Maana yake ni kwamba kidole kitashuka kati ya milimita 16 na 22 kutoka katikati ya pini. Kama pini nyingine imelala sambamba ikiigusa ya kwetu, iko hapohapo kidole kinapotaka kuingia. Nafasi hiyo inakataliwa, hata kama pini yetu ndiyo iliyo juu kabisa na inaonekana vizuri kuliko zote. Tukihesabu, tunahitaji upenyo wa milimita 12 kati ya pini na pini. Tunaweza kukifungua kishikio milimita 24 tu, na upenyo unaohitajika unashuka hadi 8, kwa hiyo nafasi nyingi zaidi zitakubaliwa. Lakini sasa kidole kinapita milimita 2 tu kutoka kwenye pini. Kamera ikikosea milimita 1, na ulinganisho kati ya kamera na mkono ukikosea nyingine 1, kidole kinatua juu ya pini. Ningeanza na upana mkubwa, na ule mdogo ningeuweka akiba kwa ajili ya picha ambazo upana mkubwa haujapata kitu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba namba zote za picha ni za kweli. Pini iliyotoka kukerezwa inang'aa, na mng'ao ndio adui wa kamera hizi. Mwanga wa projekta ukigonga ubavu wa pini unarukia upande mwingine badala ya kurudi kwenye jicho la kamera. Matokeo yake, mgongo wa pini unaonekana kama utepe mwembamba, na mbavu zake hazina kipimo. Vivuli pia vipo: kwa kuwa jicho na projekta haviko mahali pamoja, kuna mifereji ambayo kimoja kinaiona na kingine hakiioni. Kamera nyingi huandika 0 mahali hapo.

Hiyo 0 imeharibu vidole vingi. Programu isiyo makini inaigeuza kuwa "mbali sana", na mahali penye mbali sana panaonekana kama shimo zuri la kuingiza kidole. Kumbe ni ubavu wa pini. Tiba ni kuzitenga nukta hizo katika kundi lake: si mwili, si shimo, hazijulikani. Kidole kisiruhusiwe kushuka juu yake. Ukifanya hivyo nafasi zinazokubaliwa zitapungua sana, na hapo unakuja ushawishi wa kuwasha kile kichujio cha kamera kinachoziba matundu kwa kukisia kutoka kwa majirani. Picha inapendeza, ila kati ya pini mbili zilizokaribiana kinaweza kujenga daraja ambalo halipo. Ni afadhali kupiga picha mbili au tatu zenye mwanga tofauti, moja hafifu kwa ajili ya sehemu zinazong'aa na nyingine kali kwa ajili ya mbavu, kisha kuziunganisha.

Kuna wanaoamua kumfundisha mashine badala ya kumwandikia kanuni. Mradi wa Dex-Net 2.0 wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2017 ulifundisha mtandao wa neva kwa mifano milioni 6.7 iliyotengenezwa kwenye kompyuta, bila kuokota kila kitu kwa mkono halisi. Kwa vitu vya maumbo mengi usiyoyajua, njia hiyo ina nguvu. Kwa kreti ya pini zinazofanana, mimi bado ningeanza na viwango viwili na mchoro wa vidole, kwa sababu ukikosea unaweza kuifungua picha na kuona ni nukta ipi iliyokudanganya.

Na kukosea kutakuwepo. Dalili rahisi ni upana wa kishikio baada ya kufunga. Kikiishia karibu na 20, pini imeshikwa. Kikifunga mpaka 0, kimeshika hewa, na chanzo mara nyingi ni kina kilichosomwa vibaya au pini iliyochopoka. Kikiishia wazi kupita 20 kwa kiasi kinachoonekana, huenda kimebana zaidi ya moja. Vidole vikikosa mara moja, rundo limeshasogea, kwa hiyo picha ya zamani haifai tena. Ipigwe nyingine. Pini ambayo nusu yake imefukiwa nayo ina dalili yake: utepe wake unaoonekana ni mfupi kuliko 80, na unapokatika, nukta za jirani ziko juu kuliko zake. Ukiivuta hiyo utainua rundo zima, tena utakuwa umeishika mbali na katikati yake, itaning'inia na kugeuka.

Pini za mwisho ndizo zinazochosha. Moja imelala sambamba na ukuta wa kreti, na kati yake na ukuta hakuna upenyo wa kidole. Programu inajaribu pembe zote 16 na kurudi mikono mitupu. Wengine huuinamisha mkono, wengine huweka sumaku mahali pa vidole kwa ajili ya hizo chache. Lolote litakaloamuliwa, programu isitangaze kwamba kreti ni tupu eti kwa sababu haikupata pa kushika. Sakafu inasomeka 1,000. Pini iliyolala juu yake itasomeka 980 kwenye mgongo wake, na utepe wa namba kama hizo kando ya ukuta unatosha kumwita mtu aje aitikise kreti.