Leseni Ikiisha, Filamu Hugoma

Filamu inayopakuliwa kwenye simu kutoka Netflix au huduma nyingine ya aina hiyo huwa imefungwa. Faili lote liko ndani ya simu, lakini limesimbwa, na bila ufunguo wake halifunguki kwa namna yoyote. Ufunguo huo huja ndani ya kitu kingine kidogo kinachoitwa leseni, ambacho seva ya mwenye huduma huituma kando na filamu. Filamu inaweza kuwa na ukubwa wa megabaiti mia kadhaa. Leseni haizidi kilobaiti chache. Pamoja na ufunguo, leseni hubeba masharti: filamu ionyeshwe kwenye kifaa kipi, kwa ubora gani, na hadi lini.

Programu ambayo mtazamaji huigusa kwenye skrini haiushiki ufunguo huo. Kazi yake ni kuomba tu. Kwenye simu za Android, anayepokea leseni na kufungua video ni mfumo wa ulinzi uitwao Widevine, uliomo ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Kwenye simu zenye kiwango chake cha juu, L1, kazi hiyo hufanyika katika sehemu ya prosesa iliyotengwa, ambayo programu za kawaida haziwezi kuichungulia. Hapo ndipo ilipo sababu ya watu wengi kufuta data ya programu, kuiondoa na kuiweka upya, kisha wakakuta hitilafu ileile inawasubiri.

Mfano wa wazi ni wa abiria anayepakua filamu kwa ajili ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Netflix ina filamu ambazo leseni yake huisha saa 48 baada ya kuanza kutazamwa. Abiria akianza kuitazama Ijumaa saa mbili usiku, akaiachia katikati, leseni itakufa Jumapili saa mbili usiku. Jumatatu asubuhi, basi likiwa njiani na mtandao haushiki, filamu bado inaonekana kwenye orodha, nafasi yake kwenye simu bado imeliwa, ila akiigusa anaambiwa muda wake umekwisha.

Akiingia kwenye mipangilio na kufuta akiba ya programu, hakuna kinachobadilika, kwa kuwa akiba ni picha za majalada na vitu vingine vya muda. Akifuta hifadhi yote, hali inakuwa mbaya zaidi. Filamu zote alizopakua zinapotea, zikiwemo zile ambazo leseni zake zilikuwa hai, na programu inamtaka aingie upya kwenye akaunti kwa mtandao ambao hana. Alichohitaji ni kifurushi kidogo tu cha intaneti mahali mtandao unaposhika, ili programu iombe leseni mpya. Faili la filamu halihitaji kupakuliwa tena. Baadhi ya filamu, hata hivyo, zina kikomo cha mara ngapi leseni yake inaweza kuhuishwa kwa mwaka, na iliyoondolewa kwenye huduma haihuishwi kabisa.

Kufuta data husaidia pale ambapo kumbukumbu za programu yenyewe zimeharibika, kwa mfano baada ya simu kuzimika ghafla katikati ya kupakua. Ni dawa ya ugonjwa mmoja, na si vizuri kuinywa kabla ya kujua ugonjwa. Kabla ya hapo inafaa kutazama tarehe na saa ya kifaa. Kifaa kinachodhani kuwa huu ni mwaka 2015 hukataa vyeti vya seva kwa kuona muda wake haujaanza, na ombi la leseni haliendi popote.

Wakati mwingine kilichoisha muda ni cheti cha kifaa, yaani kitambulisho ambacho kiwanda hukiweka ndani ili seva na programu zijue kuwa kifaa ni halali. Machi 9, 2025, vifaa vya Chromecast vya kizazi cha pili na Chromecast Audio, vyote vya mwaka 2015, viligoma siku moja katika nchi nyingi. Simu ziliandika «Untrusted device», zikisema kifaa hakiwezi kuthibitishwa. Mlolongo wa vyeti uliokuwa ukivithibitisha vifaa hivyo ulikuwa na cheti cha kati cha miaka kumi, na miaka hiyo ilikuwa imetimia. Kifaa kilikuwa kizima, runinga ilikuwa nzima, programu kwenye simu hazikuwa na kosa.

Waliokimbilia kurejesha mipangilio ya kiwandani ndio walioumia zaidi. Kuandaa kifaa upya kulihitaji uthibitisho uleule ulioshindikana, kwa hiyo kifaa kilichokuwa kimegoma nusu kikawa hakiwezi hata kuunganishwa na mtandao wa nyumbani. Google iliwasihi watu wasifanye hivyo, na siku chache baadaye ikaanza kusambaza marekebisho. Hakuna kitufe ambacho mwenye kifaa angeweza kubonyeza kikaleta cheti kipya. Kilipaswa kutoka kwa mtengenezaji.

Kizuizi cha mwisho kiko kwenye waya. King'amuzi, kompyuta au kifaa cha kurushia video kinapounganishwa na runinga kwa HDMI, hutakiwa kwanza kutambuana nayo kwa utaratibu uitwao HDCP, uliobuniwa na Intel. Pande mbili hubadilishana namba za siri, zikikubaliana picha hupita ikiwa imesimbwa, na wakati wa kutazama huendelea kuulizana mara kwa mara kama upande wa pili bado yupo. Mazungumzo haya hufanywa na chipu za vifaa viwili. Programu ya filamu huletewa jibu tu: ruhusa ipo au haipo.

Dalili zake hujitofautisha kwa jicho makini. Menyu ya kifaa huonekana vizuri, video za bure huenda zikacheza, lakini filamu ya kulipia ikianza skrini inakuwa nyeusi huku sauti ikisikika, au ujumbe unaitaja HDCP moja kwa moja. Filamu ya 4K kwa kawaida hudai HDCP 2.2, na kwenye runinga kadhaa za zamani za 4K ni tundu moja au mawili tu ya HDMI yenye toleo hilo. Projekta ya zamani inayopokea picha kupitia kigeuzi cha VGA haina utaratibu huo hata kidogo, kwa hiyo mara nyingi hukataliwa.

Namna ya kupima ni kuondoa kila kilicho katikati, iwe kigawanyishi, redio ya sauti au kigeuzi, na kuchomeka kifaa moja kwa moja kwenye runinga. Vyote viwili huchomolewa kwenye umeme kwa dakika moja au mbili, kwa sababu kuzima kwa rimoti huacha chipu zikiwa macho na kumbukumbu ya kutambuana kulikoharibika. Kisha runinga huwashwa kwanza, kifaa kikafuata, na tundu jingine hujaribiwa kabla ya kununua waya mpya. Picha ikirudi, vile vya katikati hurudishwa kimoja kimoja hadi kinachokataa kijulikane. Ikiwa bado nyeusi, filamu ileile ijaribiwe kwenye skrini ya simu: ikicheza huko kwa akaunti hiyohiyo, leseni ni nzima na tatizo liko kati ya kifaa na runinga.